Fundi ameondoka, seva iko Arua: kufunga BMC, BIOS na konsoli ya mbali

*"Salaam, mhandisi. Ninatunza kompyuta za SACCO yetu. Seva ni Supermicro iliyotumika, tuliinunua Kampala, sasa iko ofisini Arua na mimi ninaishi Kampala, kwa hiyo ninaiangalia kupitia konsoli ya mbali. Fundi aliyeisimika tuliachana naye vibaya. Nimeweka nenosiri la BIOS na Secure Boot imewashwa. Je, bado anaweza kuingia? Na nikifunga kila kitu, umeme ukikatika usiku seva itawaka yenyewe?"*

Ndugu yangu, kwa swali la kwanza jibu ni ndiyo: ikiwa bado anaweza kufika kwenye kidhibiti cha ubao mama, yaani kile ambacho skrini hukiita BMC, basi nenosiri la BIOS halimzuii, na Secure Boot haimzuii pia. Kwa swali la pili, seva itawaka yenyewe endapo utachagua nenosiri la aina inayofaa na kurekebisha mpangilio mmoja nitakaokuonyesha. Ukikosea hapo, utapigiwa simu alfajiri kwamba wanachama wamepanga foleni dirishani na skrini ya seva inasubiri nenosiri ambalo hakuna mtu Arua anayelijua.

Tuanze na BMC yenyewe, kwa sababu watu wengi huidhania kuwa ni ukurasa wa mipangilio wa seva. Sivyo. Ni kompyuta ndogo kamili iliyosimikwa juu ya ubao mama, yenye chipu yake, kumbukumbu yake, mfumo wake wa uendeshaji na tundu lake la mtandao. Huendelea kufanya kazi hata seva ikiwa imezimwa, mradi tu waya wa umeme haujachomolewa ukutani. Ndiyo maana wewe, ukiwa Kampala, unaweza kuwasha seva iliyolala Arua. Kompyuta hiyo ndogo inaona kila kinachoandikwa kwenye skrini ya seva, inaweza kubonyeza kila kitufe cha kibodi, na inaweza kuiambia seva kwamba imechomekewa diski ambayo kwa kweli ni faili lililoko kwenye kompyuta ya mtu aliye mbali.

Hebu tufuate hatua ambazo fundi huyo angezipitia. Anaingia kwenye ukurasa wa BMC kwa akaunti aliyoiacha. Anakwenda `Virtual Media` na kuunganisha faili la ISO la Ubuntu alilolipakua kihalali kabisa kwenye intaneti. Kisha anaiamuru BMC kwamba seva ikiwaka tena, mara hii moja tu, ianzie kwenye diski hiyo badala ya diski ya ndani, na anabofya kuwasha upya. Amri ya kuchagua mahali pa kuanzia imo ndani ya kanuni za IPMI zenyewe, yaani lugha ya pamoja ambayo BMC za kampuni mbalimbali huitumia, na kwenye seva nyingi BIOS huitii bila kuuliza lolote, kwa sababu nenosiri uliloweka huulizwa pale tu mtu anapotaka kuingia kwenye mipangilio ya `Setup`. Yeye haingii huko. Dakika chache baadaye anatazama mfumo wa Linux uliowaka kutoka kwenye ISO yake, na diski zenu zikiwa mbele yake: anaweza kunakili hifadhidata ya wanachama, au kubadilisha nenosiri la `root` kisha akaiacha seva iwake kama kawaida.

Secure Boot nayo, katika safari yote hiyo, haikuona kosa. Kazi yake ni kukagua saini ya programu inayowasha mfumo, na ISO rasmi ya Ubuntu ina saini halali inayotambuliwa na karibu kila seva. Secure Boot inakulinda dhidi ya programu ya kuwashia iliyochezewa. Haikulindi dhidi ya mfumo halali ulioko mikononi mwa mtu asiye halali. Iache ikiwa imewashwa, ila usiihesabu kuwa ndiyo kufuli la mlango huu.

Sasa hatua za kufunga. Kabla ya kuigusa BMC, safisha kwanza Linux iliyomo ndani ya seva, na hapa nasisitiza mfuatano. Mtu aliye `root` ndani ya Linux anaweza kuzungumza na BMC kupitia njia ya ndani ya ubao mama, na njia hiyo haiulizi nenosiri la BMC hata kidogo. Anaweza kuongeza akaunti mpya au kubadilisha nenosiri lako la BMC kwa amri moja. Kwa hiyo ukiisafisha BMC leo huku fundi akiwa bado na ufunguo wake wa SSH ndani ya Linux, kesho atajirudisha. Kagua nani yumo katika kundi la `sudo`, fungua kila faili la `authorized_keys` pamoja na lile la `root`, angalia kazi zilizopangwa kwenye `cron`, na ubadilishe manenosiri yote. Ukimaliza, ndipo uitumie njia hiyo hiyo ya ndani kuitazama BMC:

```
ipmitool mc info
ipmitool lan print 1
ipmitool user list 1
ipmitool raw 0x30 0x70 0x0c 0
```

Amri ya kwanza inaonyesha toleo la fimwea ya BMC, ambalo utalilinganisha na toleo lililoko kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa modeli ya ubao wako. Amri ya tatu inaonyesha akaunti. Katika Supermicro akaunti ya kiwandani huwa namba 2 na jina lake ni `ADMIN`. Ukiona jina jingine katika nafasi ya 4 au ya 7 ambalo hukuliweka wewe, andika pembeni, na usilifute kwanza, tutalirudia mwishoni. Katika matokeo ya amri ya pili, tafuta mstari wa `Cipher Suite Priv Max`, ambao ni mfululizo wa herufi kama `XaaaXXaaaXXaaXX`. Herufi ya kwanza inahusu njia ya kuingia namba 0, ambayo katika vifaa vingi vya zamani ilikubali mtu aingie kwa nenosiri lolote lile, hata la uongo. Herufi hiyo lazima iwe `X`, maana yake njia imefungwa. Ikiwa ni `a`, BMC yenu iko wazi kwa yeyote anayeifikia kwenye mtandao, na hiyo ni sababu ya kuchomoa kebo yake leo hii, si wiki ijayo.

Amri ya nne ni ya Supermicro pekee, usiijaribu kwenye seva ya kampuni nyingine. Hujibu kwa namba moja: `00` maana yake BMC inatumia tundu lake maalumu tu, `01` inatumia tundu la kwanza la mtandao wa kawaida pamoja na seva, na `02` inachagua yenyewe. Hiyo `02`, inayoitwa `Failover` kwenye skrini, ndiyo hali ya kiwandani kwenye mbao nyingi za kampuni hiyo, na ndiyo iliyonifundisha kutowahi kuamini macho yangu. Ofisi moja niliyoihudumia Kampala ilikuwa imechomoa kebo ya tundu la BMC, ikaamini kwamba mlango umefungwa. Kwa muda fulani ulikuwa umefungwa kweli. Kisha umeme ukakatika kwa muda mrefu kuliko betri ya UPS ilivyoweza kuhimili, na uliporudi, BMC iliwaka upya, ikaona tundu lake halina kebo, ikahamia yenyewe kwenye tundu la kwanza la mtandao, ikaomba anwani kwa ruta kama simu ya mgeni yeyote, ikapewa. Tangu siku hiyo kila aliyekuwa kwenye mtandao wa ofisi angeweza kuifikia, na akaunti ya `ADMIN` ilikuwa na nenosiri la `ADMIN`. Niliigundua kwa bahati, nilipokuwa ninapitia orodha ya vifaa kwenye ruta nikaona anwani moja ambayo hakuna mfanyakazi aliyeijua. Ifunge kwenye tundu lake maalumu kwa amri hii:

```
ipmitool raw 0x30 0x70 0x0c 1 0
```

Kisha uisome tena kwa amri ya awali, uhakikishe imejibu `00`. Fanya hivyo ukiwa Arua, umesimama kando ya seva, kwa sababu ikiwa sasa unaifikia kupitia tundu la pamoja, utajikata mwenyewe papo hapo.

Baada ya hapo ni akaunti. Jifungulie akaunti yenye jina lako, mpe msimamizi mwenzako yake, na akaunti ya `ADMIN` ipewe nenosiri refu litakalofungiwa kwenye bahasha ndani ya sefu ya SACCO. Mbao za Supermicro zilizotoka kabla ya mwaka 2020 zilikuja na `ADMIN` kama jina na kama nenosiri. Za baadaye huja na nenosiri la pekee lililochapishwa kwenye kibandiko, na kwa seva iliyotumika, kibandiko hicho kimeshasomwa na kila aliyewahi kuimiliki. Nenosiri la BMC liwe la herufi za kubahatisha, karibu na 20, ambazo ndizo kikomo cha IPMI 2.0, ingawa vifaa vingine vya zamani huishia 16. Ukishaliweka, toka kabisa na uingie tena kabla hujaondoka, ili ujue kwamba halikukatwa katikati.

Urefu huo una sababu mahususi, na ningependa uielewe. Katika IPMI 2.0, kanuni zilizotoka mwaka 2004, mtu akiifikia BMC kwenye mlango namba 623 wa UDP na kutaja jina la akaunti iliyopo, BMC humjibu kwa kumpa alama ya hesabu iliyotokana na nenosiri la akaunti hiyo, kabla hajathibitisha kwamba analijua. Anaichukua alama hiyo hadi nyumbani kwake na kuanza kujaribu manenosiri mamilioni kwenye kompyuta yake, bila kuigusa seva yenu tena na bila kuacha dalili kwenye kumbukumbu. Udhaifu huu uliandikishwa kwa namba CVE-2013-4786, na hakuna fimwea inayouponya, kwa kuwa umo ndani ya kanuni zenyewe. Nenosiri la jina la SACCO pamoja na mwaka litapatikana haraka. Nenosiri la herufi 20 za kubahatisha halitapatikana. Aidha, BMC hulazimika kulitunza nenosiri katika namna inayoweza kurejeshwa, kwa hiyo usitumie humo nenosiri unalolitumia mahali pengine popote.

Hata hivyo, nenosiri zuri ni tumaini la pili. La kwanza ni kwamba fundi asiifikie BMC kabisa, na hapa ndipo umbali wa Arua unapokubana, kwa sababu ushauri rahisi wa kuchomoa kebo na kwenda na kompyuta ya mkononi kila mara haukufai wewe ambaye uko safari ya siku nzima kutoka kwenye seva. Anza na ruta ya ofisi: fungua ukurasa wa kuelekeza milango na ufute kila mstari unaoelekeza kwenye anwani ya BMC, hasa milango 80, 443, 623 na 5900. Nina hakika ya kutosha kwamba ndivyo alivyokuwekea konsoli ya mbali, maana ndiyo njia ya mkato ambayo mafundi wengi huitumia, na ndiyo inayoiweka BMC yenu uchi mbele ya intaneti yote.

Badala yake, ningekushauri uweke Arua kompyuta moja ndogo yenye matundu mawili ya mtandao. Hata kompyuta ya mezani iliyotumika inatosha. Kebo moja itoke kwenye tundu la BMC moja kwa moja hadi kwenye kompyuta hiyo, bila kupita kwenye swichi ya ofisi. Tundu la pili liende kwenye ruta, na wewe uingie kutoka Kampala kwa VPN, mfano WireGuard, ambayo haimjibu mtu asiye na ufunguo. Ipe BMC anwani ya kudumu katika mtandao mdogo wa vifaa viwili tu, na usiipe lango la kutokea:

```
ipmitool lan set 1 ipsrc static
ipmitool lan set 1 ipaddr 10.77.0.2
ipmitool lan set 1 netmask 255.255.255.252
ipmitool lan set 1 defgw ipaddr 0.0.0.0
```

BMC isiyo na lango haiwezi kujibu mtu aliye nje ya kebo ile hata kama siku moja mtu atakosea kwenye ruta. Gharama ya mpango huu ni kwamba kompyuta hiyo ndogo ikifa, konsoli yako imekufa nayo, kwa hiyo ichomeke kwenye UPS ile ile ya seva, iweke iwake yenyewe umeme ukirudi, na umfundishe mtu mmoja wa Arua namna ya kuiwasha. Kama swichi yenu inaweza kugawa mtandao katika sehemu zinazotengana, unaweza kutumia sehemu ya peke yake kwa ajili ya BMC badala ya kompyuta hii, lakini kwa seva moja naona kebo ya moja kwa moja ni rahisi kuikagua kwa macho.

Sasa BIOS, na swali lako la umeme. Kwenye ukurasa wa `Security` utakuta nafasi mbili, `Administrator Password` na `User Password`, na maelezo yaliyo juu yake watu huyapita bila kuyasoma. Yanasema kwamba ukiweka la `Administrator` peke yake, litaulizwa tu wakati wa kuingia `Setup`. Lakini ukiweka la `User` peke yake, hilo linakuwa nenosiri la kuwashia, na seva haitawaka bila hilo, tena mwenye hilo atakuwa na mamlaka ya msimamizi ndani ya `Setup`. Weka la `Administrator` peke yake. Ikiwa ubao wako una mpangilio wa `Password Check`, uwe `Setup`, usiwe `Always`. Nenosiri la kuwashia lina maana kwa kompyuta ya mkononi inayoweza kuibwa kwenye basi, ila kwa seva iliyoko mahali ambapo umeme hukatika usiku na hakuna mtu ofisini, linageuka kuwa kufuli linalowafungia nje wenye nyumba.

Katika `Setup` hiyo hiyo tafuta `Restore on AC Power Loss`. Chaguo tatu ni `Stay Off`, `Last State` na `Power On`. Wengi huchagua la katikati kwa sababu linasikika la busara, lakini fikiria: UPS yako ikiizima seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha, hali ya mwisho inayokumbukwa ni kwamba seva ilikuwa imezimwa, na umeme ukirudi itabaki imezimwa. Chagua `Power On`. Kisha ondoa USB, CD na mtandao katika orodha ya mahali pa kuwakia, ibaki diski ya ndani peke yake, na ujaribu kitufe cha F11 wakati wa kuwaka: kwenye mbao nyingine menyu ile huomba nenosiri, na kwenye nyingine hufunguka tu. Kama inafunguka, kagua kama `Setup` inakuruhusu kuizima.

Jaribu pia lile shambulio la mwanzo wewe mwenyewe, kwa sababu tabia ya BIOS hutofautiana kati ya modeli na hata kati ya matoleo. Ukiwa kwenye BMC yako, unganisha ISO yoyote, toa amri hizi mbili, na uangalie skrini:

```
ipmitool chassis bootdev cdrom options=efiboot
ipmitool chassis power cycle
```

Fanya hivyo baada ya kuzisimamisha huduma na kuchukua nakala rudufu, si mchana wa siku ya malipo. Seva ikiwaka kutoka kwenye ISO bila kuuliza kitu, umeona kwa macho yako kwamba BIOS haiwezi kukulinda dhidi ya BMC, na kwamba ulinzi wote umebaki kwenye kebo na akaunti.

Kuna mlango mwingine mdogo ambao watu huusahau: menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux. Mtu aliye kwenye konsoli akibonyeza `e` anaweza kuongeza `init=/bin/bash` mwishoni mwa mstari wa kernel na kupata mamlaka ya `root` bila nenosiri lolote. Tengeneza alama ya nenosiri kwa `grub-mkpasswd-pbkdf2`, kisha uweke mistari hii mwishoni mwa `/etc/grub.d/40_custom`, alama yako ikichukua nafasi ya nukta:

```
set superusers="msimamizi"
password_pbkdf2 msimamizi grub.pbkdf2.sha512.10000...
```

Lakini usiishie hapo, maana kwa hali hiyo GRUB ya Ubuntu itauliza nenosiri kila inapowaka, na tutakuwa tumerudi kwenye foleni ya alfajiri. Ndani ya `/etc/grub.d/10_linux`, mstari unaoanza na `CLASS=` uongezewe `--unrestricted` ndani ya alama za nukuu, halafu uendeshe `update-grub`. Sasa kuwaka kwa kawaida hakutauliza kitu. Kuhariri tu ndiko kutakakouliza. Kumbuka kuukagua mstari huo kila kifurushi cha GRUB kinaposasishwa, kwa kuwa sasisho linaweza kuufuta.

Konsoli yenyewe nayo ina tabia inayowashangaza wengi. Ukiingia kama `root` kupitia konsoli ya mbali kisha ukafunga dirisha la kivinjari, hujatoka kwenye Linux. Umezima tu televisheni. Kikao kiko wazi vile vile, na atakayefungua konsoli baada yako ataikuta alama ya `#` ikimsubiri. Seva za Dell na HP zina mpangilio kwenye iDRAC na iLO wa kufunga mfumo pale kikao cha konsoli kinapokatika, na mwenye seva hizo auwashe. Kwako wewe, weka muda wa kikao kujifunga ndani ya Linux, katika faili jipya chini ya `/etc/profile.d/` ambalo jina lake linaishia na `.sh`:

```
TMOUT=300
readonly TMOUT
export TMOUT
```

Hizo ni dakika 5 bila kugusa kitu. Kwenye BMC, punguza pia muda wa kikao cha ukurasa wake, na uzime `Virtual Media` ikiwa toleo lako linaruhusu, uiwashe siku unapoihitaji tu. Mtu wa Arua ambaye kazi yake ni kutazama joto na feni apewe ngazi ya `User`, asipewe ya msimamizi.

Huenda unajiuliza kama kusimba diski kwa LUKS, njia ya Linux ya kuifanya diski isisomeke bila nenosiri, kungemaliza haya yote. Kungemaliza sehemu kubwa: fundi aliyewasha ISO yake angekuta diski zisizosomeka, na aliyeiba diski zenyewe vilevile. Bei yake ni kwamba seva itasubiri nenosiri kila inapowaka, na utaliandika kutoka Kampala kupitia konsoli ile ile. Unaweza kuikabidhi kazi hiyo kwa chipu ya TPM ili diski ijifungue yenyewe, lakini basi aliyeiba seva nzima amechukua kufuli pamoja na ufunguo wake. Kwa SACCO yenye data za watu, mimi ningesimba walau sehemu ya hifadhidata peke yake, mfumo uwake wenyewe bila nenosiri, kisha wewe uingie kwa SSH kupitia VPN na kuifungua sehemu hiyo kwa mkono. Huduma itachelewa kurudi hadi utakapoamka, na hilo bodi yenu lazima ilikubali mapema, kwa maandishi.

Yote niliyoeleza yanakoma mbele ya mtu mwenye bisibisi. Kwenye Supermicro, vituo viwili vya shaba vilivyoandikwa `JBT1` vikigusishwa, baada ya umeme kuchomolewa, hufuta mipangilio ya BIOS pamoja na manenosiri yake. Seva za kampuni nyingine zina jampa au swichi ndogo za kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo chumba au kabati liwe na kufuli lenye funguo zinazojulikana ziko kwa nani, na kila mwezi mtu abonyeze Delete wakati wa kuwaka ahakikishe kwamba `Setup` bado inauliza nenosiri. Siku isipouliza, au saa ya BIOS ikiwa imerudi miaka nyuma, kuna aliyefungua boksi, au betri ndogo ya ubao imekufa. Vyote viwili vinastahili safari.

Turudi kwa lile jina geni ulilolikuta kwenye orodha ya akaunti, kama lipo. Hapo kazi inapita kiasi cha kufanywa kwa maelekezo ya kuandikwa. Piga picha ya skrini, hifadhi matokeo ya `ipmitool sel elist` na kumbukumbu za Linux kwenye diski ya nje, chomoa kebo ya BMC na ya mtandao, na umwite mtu wa usalama wa kompyuta afike Arua kwa miguu yake. Kusasisha fimwea tu hakutoshi kukupa amani: mwezi Desemba 2021 watafiti wa kampuni ya Amnpardaz ya Iran walieleza programu hasidi waliyoiita iLOBleed, iliyojificha ndani ya iLO za HP na kuigiza kwamba sasisho limefanyika huku ikiendelea kukaa. BMC inayoshukiwa kiasi hicho huandikwa upya kwa kifaa kinachoshika chipu ya fimwea moja kwa moja, au ubao hubadilishwa. Na kwa kuwa data ni za wanachama, mweleze mwanasheria wa SACCO siku hiyo hiyo: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inawataka wenye kutunza data waitaarifu mamlaka mara wanapoamini kwamba data hizo zimefikiwa na asiyeruhusiwa, na taarifa hiyo hupokelewa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U.